Nguzo Moja, Kodineti Mbili: Namba Saba Zinazounganisha Ramani za Zamani na Setilaiti

Chukua kodineti za nguzo ya zamani ya upimaji jijini Dar es Salaam, zile za mfumo wa Arc 1960, uziingize kama zilivyo kwenye kipokezi cha setilaiti kinachofuata WGS84. Kipokezi kitakupeleka karibu mita 300 kaskazini na kama mita 95 magharibi ya nguzo yenyewe. Nguzo haijahama, wala kipokezi hakijaharibika. Mifumo hiyo miwili haianzii kuhesabu mahali pamoja.

Arc 1960 ni mtoto wa upimaji wa pembetatu uliofuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini kwenda Misri, kazi ambayo mnajimu David Gill aliipigania tangu 1879 na iliyokamilika 1954. Nukta yake ya msingi ni Buffelsfontein, Afrika Kusini, na umbo la dunia linalotumika ni lile la Clarke 1880, ambalo nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi cha WGS84 kwa mita 112. Wapimaji wa wakati ule hawakuwa na njia ya kukigusa kitovu cha dunia. Waliliegesha umbo lao lilingane na nchi waliyoipima. Setilaiti, kwa upande wake, huzunguka kitovu chenyewe cha dunia.

Ili kuvuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mpimaji hutafuta namba saba. Tatu husogeza mfumo wa zamani kwenye mihimili ya X, Y na Z. Tatu nyingine huuzungusha kidogo kwenye mihimili hiyo hiyo. Ya saba ni skeli, inayoukuza au kuupunguza. Kwa mizunguko midogo, hesabu huandikwa hivi:

```
X2 = Tx + (1+s)(      X1 - rz*Y1 + ry*Z1)
Y2 = Ty + (1+s)( rz*X1 +      Y1 - rx*Z1)
Z2 = Tz + (1+s)(-ry*X1 + rx*Y1 +      Z1)
```

Namba hizo hupatikana kwenye nguzo za pamoja, yaani nguzo zenye kodineti za zamani ambazo sasa zimepimwa pia kwa setilaiti. Kodineti za zamani huwa ni mashariki na kaskazini za gridi ya UTM, kwa hiyo kwanza hurudishwa kuwa latitudo na longitudo kwa umbo la Clarke 1880, kisha pamoja na kimo hugeuzwa kuwa X, Y na Z. Kila nguzo hutoa milinganyo mitatu. Nguzo tatu hutoa milinganyo tisa kwa namba saba zisizojulikana, na hapo jibu linapatikana, ila ukaguzi unabaki mwembamba: ikitokea kosa, huwezi kujua limetoka nguzo ipi. Nguzo tano hutoa milinganyo 15, na ziada ya minane ndiyo inayofichua kosa.

Tuchukue mfano wa wilaya yenye upana wa kilomita 20 na nguzo tano, A hadi E. Programu hutafuta namba saba zinazofanya jumla ya miraba ya tofauti zote iwe ndogo kabisa, kisha huonyesha masalio, yaani umbali uliobaki kati ya kodineti zilizogeuzwa na zilizopimwa. Tuseme A, B na C zimebakiza sentimita 4 hadi 6, E sentimita 19, na D sentimita 31. Aliye mgeni wa kazi atazitilia shaka D na E kwa pamoja. Mzoefu huiondoa D peke yake na kukokotoa upya, kwa sababu njia hii husambaza kosa la nguzo moja kwa jirani zake, na lenyewe hubaki likionekana dogo kuliko lilivyo. Iwapo masalio ya zile nne, E ikiwemo, yatashuka hadi sentimita 2 au 3, mkosaji ni D. Kinachofuata ni kwenda uwanjani kuona kama nguzo iligongwa au ilijengwa upya, na kurudi kwenye daftari kuona kama tarakimu mbili zilipishana.

Hata masalio yakiwa mazuri, namba zenyewe zinaweza kushangaza. Unaweza kukuta Tx inatofautiana kwa mita kadhaa na ile iliyochapishwa. Sababu ni kwamba mizunguko inafanyika kwenye kitovu cha dunia, zaidi ya kilomita 6,300 kutoka kwenye nguzo zako. Sekunde moja ya mzunguko huhamisha uso wa dunia kwa karibu mita 31, lakini ndani ya wilaya ya kilomita 20 hugeuza upande mmoja dhidi ya mwingine kwa sentimita 10 tu. Ni kama kuona shubiri moja tu ya ncha ya upondo mrefu: ikisogea, huwezi kujua kama mshikaji amehama au ameinamisha mkono. Kosa la sentimita 3 kwenye nguzo zako linatosha kuutia mzunguko shaka ya sekunde 0.3, na msogeo hujirekebisha kwa mita tisa hivi ili kuifuta shaka hiyo. Ndani ya wilaya vinafutana, na ramani inakaa sawa. Ukizibeba namba hizo kilomita 200 mbali, sekunde zile 0.3 zinakuwa karibu sentimita 29 za kosa. Wapo wanaopunguza mvutano huu kwa kuzungushia mfumo kwenye nukta ya katikati ya nguzo zao, njia inayojulikana kwa majina ya Molodensky na Badekas. Misogeo hapo husomeka vizuri, ingawa nguzo ni zile zile na mipaka yake ni ile ile.

Jambo hili linaonekana hata kwenye namba zinazotumika sana. Shirika la ramani la jeshi la Marekani lilichapisha misogeo mitatu tu, bila mzunguko wala skeli, ya kutoka Arc 1960 kwenda WGS84. Kwa Kenya ni -157, -2 na -299. Kwa Tanzania ni -175, -23 na -303, zote kwa mita. Mfumo ni mmoja kwa jina, lakini majibu yanapishana kwa karibu mita 28, kwa sababu mtandao wa zamani ulijikunja kidogo kidogo kadiri ulivyoenea, na kila nchi ilikokotolewa kwa nguzo zake.

Kuna makosa mawili ambayo masalio hayatayaonyesha. La kwanza ni kimo. Kimo cha nguzo ya zamani hupimwa kutoka usawa wa bahari, wakati hesabu inataka kimo kutoka kwenye umbo la dunia. Ukivikosea vimo vyote kwa mita 20, skeli italimeza kosa hilo kwa kubadilika sehemu tatu katika milioni, na masalio yatabaki yakipendeza. La pili ni alama za mizunguko. Programu ziko za desturi mbili, na ndiyo maana PROJ hukulazimisha utaje `+convention=position_vector` au `+convention=coordinate_frame`. Mzunguko wa nusu sekunde ukiingizwa kwa alama ya kinyume unaweza kukutupa mita 31.

Dawa ya yote mawili ni nguzo ambayo haikuingia kwenye hesabu. Igeuze kwa namba zako kwenye programu ile ile itakayotumika kazini, kisha linganisha mahali na kimo. Matokeo yake yaandikwe pamoja na namba saba, jina la umbo la dunia, aina ya kimo, desturi ya mizunguko, orodha ya nguzo na mipaka ya eneo. Atakayepokea namba saba peke yake hana namna ya kujua zinafanya kazi wapi, na hapaswi kuchora mpaka wa kiwanja cha mtu kwa kuzitegemea.