Rehema kwa Mistari Sita

Kadi za sikukuu zenye jina la mtoto likishuka pembeni, herufi kwa herufi, zimezoeleka sana siku hizi. Walimu wa chekechea huziandikisha kabla ya kufunga shule Desemba, na mashangazi huzituma kwa simu usiku wa kuamkia Idi. Namna ya kuzitunga inajulikana: kila herufi ya jina inaanza mstari, na anayesoma herufi za mwanzo kutoka juu hadi chini analikuta jina zima. Wataalamu wa fasihi huliita shairi la akrostiki.

Tatizo ni kwamba nyingi zinafanana. Amina anapewa Adabu, Mpole, Imani, Nidhamu, Akili. Maneno ni mazuri, ila hakuna hata moja linalomhusu Amina huyu kuliko Amina wa jirani. Kadi ya namna hiyo inaweza kutumwa kwa kila mwenye jina hilo kuanzia Lamu hadi Kigoma. Mtoto akishalitambua jina lake, kadi haina zaidi cha kumwambia.

Mtindo wenyewe ni wa kale. Zaburi ya 119 ina aya 176 kwa sababu imefuata herufi 22 za Kiebrania, kila herufi aya nane. Pwani yetu nayo inao utungo wa Dura Mandhuma, unaonasibishwa na Umar bin Amin al-Ahdal aliyekuwa kadhi wa Siu, ambao umefuata mpangilio wa herufi za Kiarabu. Hizo ni tungo za alfabeti nzima. Za majina ya watoto, mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa Krismasi ya 1861 huko Oksfodi, Uingereza.

Mwaka huo Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Lewis Carroll, aliwapa zawadi ya kitabu cha hadithi mabinti watatu wa mkuu wa chuo chake: Lorina, Alice na Edith. Ndani ya kitabu aliandika shairi. Majina hayo matatu yana herufi kumi na sita, na shairi lina mistari kumi na sita. Ukilisoma kwa kawaida unaona ni ushauri mwepesi kwa watoto kuhusu kazi na mchezo. Maneno mawili ya jina la kitabu chenyewe yamefichwa humo pia. Hakuna mstari unaosema Lorina ni mpole au Edith ana adabu. Carroll alikuwa na jambo la kuwaambia watoto hao kuhusu kitabu walichokishika mkononi, na majina akayaacha yakae pembeni. Alice huyo ndiye aliyempa jina msichana wa hadithi maarufu, anayesomwa kwa Kiswahili tangu 1940 kama Elisi.

Kwa Kiswahili kazi hii ina ugumu wake wa pekee, na unatokana na sarufi. Sentensi zetu nyingi huanza na kiambishi, na kiambishi ndicho kinachosema nani anatenda. Ukianza mstari kwa U, karibu umeshaamua kuzungumza na mtoto: umekua, unacheka, utashinda. Ukianza kwa N, ni wewe mwandishi unayejitaja. T inaleta familia nzima: tunakupenda, tumekukumbuka. Na A inamgeuza mtoto kuwa mtu wa pembeni, anayesimuliwa kwa wengine: anapenda, amekua. Kwa hiyo herufi za jina zinapanga wasemaji kabla mtunzi hajafungua kinywa.

Hapo ndipo mashairi mengi ya kadi yanapovunjika bila mtunzi kujua. Majina mengi ya wasichana wetu huishia na A: Neema, Halima, Zuhura, Rehema, Furaha. Shairi linaanza likizungumza na mtoto, wewe hivi na wewe vile, halafu kwenye mstari wa mwisho linateleza: “Anapenda shule.” Nani huyo tena? Mtoto wa miaka sita hawezi kulieleza kosa hilo kwa istilahi, lakini atauliza. Dawa yake ni kuliepuka A la nafsi na kutumia A la amri au la wakati: amka, angalia, andika, anza, acha, asante, asubuhi. Haya yote yanaweza kuelekezwa kwa mtoto mwenyewe.

Tuchukue Rehema wa kubuni, mwenye miaka saba, na kadi ya Idi kutoka kwa shangazi yake. Herufi ni sita. Jambo la kwanza ni kuziweka herufi kando na kuandika kwa nathari kile ambacho Rehema amefanya mwaka huu na wengine hawakufanya. Tuseme amefunga Ramadhani kwa mara ya kwanza, ila kwa mtindo wa watoto: anafunga hadi adhuhuri, halafu anakula. Kaka zake wakamcheka kwamba hiyo ni nusu. Asubuhi ya Idi mama yake hupika tambi, na nyumba huamka kabla ya jua. Malighafi hiyo inatosha.

Sasa ni kipimo. Mizani kumi na sita ya shairi la kawaida ni mirefu mno kwa kadi. Mizani minane, kama mshororo wa utenzi, inaingia kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili na inasomeka kwa pumzi moja. Kina kinafaa kiwe kimoja hadi chini, maana mistari sita haina nafasi ya kubadilisha. Neno “imekwisha” linakuja lenyewe mwezi unapomalizika, na -sha ni kina tajiri kwa sababu vitenzi vingi vya kusababisha huishia hapo: kuchosha, kuwasha, kuivisha.

R inapata “Ramadhani imekwisha”, mizani minane kamili. E ni herufi ya bahili. Vitenzi vinavyoanza nayo ni vichache, kama enda, eleza na elewa, na watunzi wengi hukimbilia “elimu” hata kwenye kadi ya Idi. Lakini E ina hazina mbili za mazungumzo: ewe na eti. Rehema ana E mbili, basi kila moja ichukue lake. “Ewe mwana, umetisha” ni sifa ya vijana wa mjini, na mtoto ataicheka kuisikia kwa shangazi. Ile “eti” inabeba kejeli ya kaka zake na jibu lake papo hapo. H ilianza kwa “hukunywa maji mchana”, mizani minane sawasawa, ila kina kimekimbia na habari si kweli, kwa sababu mchana alikunywa. Ikawa “hata kiu ikichosha”. M ni mama. A, kama tulivyoonya, ni amri.

Ramadhani imekwisha,
Ewe mwana, umetisha,
Hata kiu ikichosha,
Eti nusu? Yatutosha!
Mama tambi aivisha,
Amka, taa twawasha.

Mstari wa mwisho unahesabika vizuri kwa anayejua kwamba M ya “amka” inasimama yenyewe kama mizani: a-m-ka, ta-a, twa-wa-sha. Asiyejua ataona saba na kuongeza neno, na mstari utazidi. Kipimo rahisi ni kupiga makofi kwa kila silabi huku ukisoma kwa sauti. M au N inayofuatwa na konsonanti, kama katika mtoto au nchi, mara nyingi hupata kofi lake, lakini M ya “mwana” hailipati, na N ya “nguo” vilevile. Na pale neno linapokuwa refu, wakati wa -a- ni mwokozi: “tunawasha” ina mizani minne, “twawasha” ina mitatu.

Si kila jina lina huruma ya Rehema. C kwa Kiswahili haisimami peke yake, hivyo Christina na Chausiku wataanza na cheka, cheza au chanua, kisha H ipate mstari wake inayofuata. Wapo wanaochukua CH, SH au KH kama sauti moja na kuipa mstari mmoja. Kwa sikio hoja hiyo ina mantiki, lakini mtoto aliyejifunza juzi kuandika jina lake huhesabu herufi kwa kidole, na akikuta Khadija wa mistari sita atadai H yake. Q na X hazina neno la Kiswahili. Kubadili Alex awe Aleksi ili shairi likubali ni kumtungia mtoto mwingine. Afadhali kutumia jina lake la pili au lile analoitwa nyumbani.

Shairi likishakamilika, linaweza bado kuharibiwa na upangaji. Kadi nyingi zinazotengenezwa kwa kompyuta huweka maandishi katikati ya ukurasa. Kwa salamu za kawaida inapendeza, lakini kwa shairi la aina hii herufi za mwanzo zinatawanyika, nyingine ndani, nyingine nje, na jina halishuki tena. Maandishi lazima yaanzie mstari mmoja kushoto, herufi ya kwanza ikiwa kubwa au ya rangi. Kwenye simu hatari ni nyingine: mstari mrefu ukigonga ukingo wa kioo hujikunja wenyewe, na neno lililosukumwa chini linaingiza herufi isiyoalikwa. Rehema anaweza kusomeka Rehkema. Mizani minane hupona katika simu nyingi. Kumi na sita haiponi.

Halafu kuna suala la wadogo zake. Rehema ana mistari sita, na mdogo wake Ali, mwenye miaka mitatu, ana mitatu tu. Katika nyumba yenye watoto hilo si jambo dogo. Carroll alilimaliza kwa kuwaweka mabinti wote katika shairi moja, na njia hiyo inafanya kazi hata kwa Kiswahili mradi kina kiendelee. Kilichobaki ni kumpa Ali tukio lake mwenyewe, kwa mfano kwamba siku hizi hataki kuvishwa na mtu. Unaruka mstari mmoja chini ya Rehema, unabadilisha rangi ya herufi, na kuendelea:

Ali naye achekesha,
Leo kanzu ajivisha,
Imegeuka, abisha!