Arbuni ya Harusi: Namna ya Kumchunguza Mtoa Huduma Kabla ya Kumpa Pesa

Katika miji yetu ya pwani harusi hurundikana mwezi wa Shaaban, kabla ya kuingia Ramadhani, na tena mara tu baada ya Idi. Majuma hayo kumbi hugombewa, mahema na viti huadimika, na mpishi mzuri huwa ameshashikwa tangu zamani. Familia inayoogopa kukosa tarehe hutoa pesa haraka kwa mtu isiyemjua. Siku ya walima ikikaribia, simu yake haipatikani.

Makala hii inaeleza mambo mawili: hukumu ya pesa hiyo ya awali, na namna ya kumchunguza mtu kabla ya kumkabidhi. Mifano yetu ni ya Tanzania, lakini misingi yake inafaa popote.

Arbuni ni pesa ya nani?

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu arbuni. Jamhuri yao, wakiwemo Mashafi ambao watu wengi wa pwani yetu wanawafuata, hawakujuzisha muuzaji kubaki na arbuni pale mnunuzi anapoghairi. Imamu Ahmad bin Hanbal alijuzisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1993 nchini Brunei, lilichukua kauli ya kujuzisha katika mauzo na katika ukodishaji, kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwe umewekewa mpaka.

Tazama vizuri ikhtilafu hiyo iko wapi. Inahusu mteja anayeghairi. Mtoa huduma asipokuja, hakuna kauli inayomhalalishia pesa hiyo. Ujira hustahiki kwa kazi, na kazi haikufanyika, kwa hiyo pesa yote ni deni shingoni mwake. Maneno "arbuni hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti hayamsaidii, kwa sababu hata wanaoyakubali wanayakubali dhidi ya mteja aliyevunja ahadi, si dhidi ya aliyevunjiwa.

Watoweaji ni wa aina mbili

Wa kwanza ni tapeli halisi. Hana hema wala kiti. Ana simu, ukurasa wa Instagram, na picha za kazi za watu wengine. Huyu hukamatika kwa uchunguzi mdogo tu, kwa kuwa hana kitu cha kukuonesha.

Wa pili ni mgumu zaidi kumtambua, kwa sababu kazi anaijua na pengine alimpambia jirani yako vizuri. Tatizo lake ni kwamba arbuni yako ndiyo inayolipia kukodi viti vya harusi ya wiki hii, na harusi yako italipiwa na arbuni ya mteja ajaye. Mzunguko huo unakwenda msimu ukiwa umechangamka. Wateja wapya wakipungua unakatika, na anayekutwa na siku hiyo ndiye anayeachwa ukumbini bila mapambo. Dalili zake ni hizi: anataka pesa nyingi mapema sana, anakupunguzia bei ukilipa yote leo, anarudi kuomba "niongezee kidogo" kabla ya muda, na vijana wake wa kazi wanalalamika hawajalipwa.

Kwa hiyo uchunguzi una pande mbili. Kwanza uhakikishe mtu huyu yupo na kazi ni yake. Kisha upange malipo ili hata mzunguko wake ukikatika, hasara yako iwe ndogo.

Tuchukue mfano

Tuseme familia ya Temeke inatafuta mpambaji wa wageni 300: hema, viti, meza, jukwaa la maharusi na taa. Mpambaji wa mtandaoni amesema shilingi 3,000,000, na anataka 2,000,000 leo hii kwa sababu "kuna mteja mwingine anaitaka tarehe hiyo". Bado miezi miwili. Wafanye nini?

Waanze na ukurasa wake. Kwenye Instagram, ukibonyeza nukta tatu juu ya ukurasa kisha "About this account", utaona ulifunguliwa lini na kama umewahi kubadilisha jina. Ukurasa unaojisifu kwa kazi ya miaka kumi lakini umefunguliwa mwezi uliopita unahitaji maelezo. Kisha wapitishe picha mbili tatu kwenye Google Lens waone kama zimechukuliwa kwa mtu mwingine. Maoni yakiwa yamefungwa chini ya kila picha, nayo ni alama ya kuuliza.

Halafu waombe kitu ambacho tapeli hawezi kukitoa: "Jumamosi hii unapamba wapi? Tungependa kuja asubuhi wakati mnafunga." Mpambaji mwenye kazi hufurahi, kwani hilo ndilo tangazo lake. Pale ukumbini wazungumze na msimamizi wa ukumbi. Yeye ndiye anayejua nani huchelewa na nani hudaiwa. Kisha waende stoo wakaone hema na viti kwa macho. Akisema vitu vyake anavikodi kwa wengine, si kosa, wengi hufanya hivyo. Lakini sasa mnajua kwamba kuna mtu wa tatu, na mnaweza kumuuliza mwenye vitu kama huyu hulipa.

Watafute pia wateja wawili wa karibuni, na wasitegemee tu wale aliowachagua yeye mwenyewe. Hapa kuna jambo linalowatatiza Waislamu wengi: mtu akiulizwa, hunyamaza akiogopa kusengenya. Imamu Nawawi katika Riyaadhus Swaalihiin ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu huruhusiwa, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na kutoa nasaha kwa anayetaka ushauri. Anayeulizwa aseme alichokiona bila kuongeza: "Alichelewa saa tatu", "Alichukua laki nne hakurudisha". Aache kumwita mwizi kwa dhana.

Jina linalopokea pesa

Kabla ya kuingiza namba ya siri kwenye M-Pesa au mtandao mwingine, simu hukuonesha jina la mpokeaji. Jina hilo lifanane na jina lililo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, au na jina la biashara ikiwa ni lipa namba. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji yangu, yangu ina shida", simamisheni. Siku ya madai shemeji atasema hakuingia mkataba na nyinyi, na mpambaji atasema hakupokea kitu.

Jina la biashara mnaweza kulitafuta kwenye mtandao wa BRELA, na leseni ya biashara hutolewa na halmashauri. Jueni tu mipaka ya karatasi hizo. Zinathibitisha kwamba biashara ina mwenyewe na ina anwani. Hazithibitishi kwamba atakuja. Wala kukosekana kwake si ushahidi wa utapeli, kwani mapishi na mapambo mengi mitaani hufanywa na watu wasiosajiliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, nendeni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi mkaulize kama anafahamika.

Lipeni kwa hatua

Arbuni ishike tarehe, isigharimie harusi nzima. Kwa mfano wetu, familia inaweza kujibu hivi: 600,000 leo kushika tarehe, 1,200,000 wiki moja kabla, baada ya kuviona vitu stoo, 900,000 asubuhi ya siku yenyewe, hema likiwa limeshasimama, na 300,000 baada ya shughuli. Jumla ni 3,000,000 zile zile. Tofauti ni kwamba akitoweka mwezi wa kwanza, wamepoteza 600,000 badala ya 2,000,000, na bado wana pesa ya kumtafuta mwingine.

Akikataa, wamuulize kwa upole hiyo milioni mbili inanunua nini sasa hivi. Anayeshona vitambaa vya rangi maalumu ana jibu. Mwenye hema na viti vilivyokwisha nunuliwa hana jibu zuri.

Kwa mpishi kuna njia nyepesi zaidi: nunueni wenyewe mchele, nyama, mafuta na viungo kwa orodha yake, naye alipwe ujira wa kupika tu. Hapo hana sababu ya kuomba pesa nyingi mapema. Na pesa ya ukumbi ilipwe kwenye ukumbi wenyewe, isipitie kwa mpambaji hata akisema atawapatia punguzo.

Andikeni

Baadhi ya wazee huona haya kumwandikisha mtu wanayeswali naye safu moja. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili: kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Waliohutubiwa ni walioamini. Kuandika hakuvunji udugu, bali kunaukinga.

Karatasi moja inatosha. Iwe na majina kamili na namba za NIDA, tarehe na mahali pa shughuli, idadi ya vitu kimoja kimoja, saa ambayo kazi iwe imekamilika, hatua za malipo, na sentensi mbili: asipokuja arudishe pesa yote ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, na familia ikighairi, kiasi gani kitarudi na hadi tarehe ipi. Watie saini wote wawili na mashahidi wawili, kila upande ubaki na nakala.

Akishatoweka

Pigeni simu mara moja kwa mtandao uliotumika kutuma. Ikiwa pesa bado ipo kwenye akaunti, kuna nafasi ya kuizuia, na nafasi hiyo hupungua kila saa. Hifadhini ujumbe wa muamala na mazungumzo yote ya WhatsApp. Aliyedanganya tangu mwanzo ni wa polisi, kwani kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Andikisheni na mchukue namba ya RB. Aliyeshindwa kazi lakini anakiri deni ni wa madai, na Mahakama ya Mwanzo hupokea mashauri ya namna hiyo. Ile karatasi yenu ndiyo itakayosema.

Na ikithibitika kwamba kweli amefilisika, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaelekeza apewe muda mpaka apate wasaa. Muda huo ni wa asiye nacho. Anayefunga hema kwenye harusi nyingine huku akiwaambia hana kitu, ni mwenye uwezo anayechelewesha haki ya watu, na hiyo ni dhulma.

Wallaahu a'lam.