Kengele Ikilia, Je, Kweli Kuna Tapeli?

Kuna swali ambalo, kwa sura moja au nyingine, huulizwa sana kwenye usaili wa kazi za sayansi ya data. Kampuni inapitisha miamala ya fedha kwa simu, na katika kila miamala 1,000, mmoja ni wa kitapeli. Mfumo wa kompyuta hunasa asilimia 99 ya miamala ya kitapeli, lakini pia huipigia kengele asilimia 2 ya miamala halali. Sasa kengele imelia kwa muamala fulani. Kuna uwezekano gani kwamba muamala huo ni wa kitapeli?

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni asilimia 99, au 98. Jibu sahihi halifiki asilimia 5.

Hata wasomi huteleza hapa. Mwaka 1978 Ward Casscells na wenzake walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine majibu ya watu 60, madaktari na wanafunzi wa udaktari, kutoka hospitali za mafunzo za Harvard. Waliulizwa kuhusu ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya 1,000, na kipimo kinachomtia mtu asiyeugua katika kundi la wagonjwa mara 5 kwa kila 100. Jibu ni takriban asilimia 2. Waliolipata walikuwa 11 tu, na jibu lililotajwa na wengi zaidi lilikuwa 95.

Kosa lao linaeleweka. Kuuliza “ikiwa ni tapeli, kengele italia?” si sawa na kuuliza “ikiwa kengele imelia, ni tapeli?” La kwanza limejibiwa tayari ndani ya swali lenyewe. La pili linahitaji tujue matapeli ni wangapi tangu mwanzo, na idadi hiyo ndiyo akili huisahau.

Msaili anataka kusikia njia uliyopita, kwa hiyo kuandika kimya kimya kisha kutoa namba hakumsaidii. Mimi ningependa msailiwa aanze hivi: “Kabla ya kuhesabu, nihakikishe nimeelewa. Hiyo asilimia 2 ni ya miamala halali, siyo ya miamala yote, sivyo?” Swali hilo si la kupoteza muda, kwani tafsiri hizo mbili zina hesabu tofauti. Kisha aseme anachotarajia: “Matapeli ni wachache mno, hivyo nadhani kengele nyingi zitakuwa za uongo.” Makadirio hayo yatamlinda baadaye, maana hesabu ikimpa asilimia 90 atajua amekosea mahali.

Baada ya hapo aache asilimia, ahesabu miamala yenyewe. “Tuchukue miamala 100,000. Ya kitapeli ni 100, na mfumo unanasa 99. Halali ni 99,900, na asilimia 2 yake ni 1,998. Kengele zote ni 2,097, na za kweli ni 99. Hiyo ni karibu asilimia 4.7, yaani kengele moja ya kweli katika kila 21.” Hii ndiyo kanuni ya Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo cha mwenyewe, Thomas Bayes, ila hapa imevaa nguo za kila siku.

Msaili mzuri haishii hapo. Atauliza: ungeboresha nini? Aliyehesabu kwa sauti anaona jibu mbele yake. Mfumo ukinasa matapeli wote 100 badala ya 99, kengele za kweli zinabaki chini ya asilimia 5. Lakini kengele za uongo zikishuka kutoka asilimia 2 hadi 0.1, zitakuwa 100 hivi badala ya 1,998, na nusu ya kengele zitakuwa za kweli.

Swali linalofuata ndilo lenye mtego: je, tukiipima mara ya pili miamala iliyopigiwa kengele? Kwa hesabu ya haraka, matapeli 98 watabaki na halali 40, na uwezekano utaruka hadi asilimia 71. Ila hesabu hiyo inadai kwamba kosa la kipimo cha pili halihusiani na la kwanza, na msailiwa lazima alitamke dai hilo. Mfanyabiashara anayetuma fedha nyingi usiku kwa simu mpya atashukiwa mara zote mbili kwa sababu ileile. Ikiwa nusu ya kengele za uongo zitajirudia, halali watabaki 999, na uwezekano utakuwa asilimia 9 tu.

Na ile “mmoja kati ya 1,000” imetoka wapi? Kwa kawaida ni hesabu ya visa vilivyoripotiwa na wateja. Asiyegundua kwamba ameibiwa hakuripoti, na muamala wake umewekwa upande wa halali. Kwa hiyo baadhi ya kengele tulizoziita za uongo zilikuwa za kweli, na asilimia 4.7 yetu iko chini kuliko hali halisi.