Achari ya Karoti Bila Siki

Wapishi wengi wa pwani wakisikia achari hufikiria siki, mafuta au embe bichi lililoanikwa juani. Ipo namna nyingine ambayo ukali wake hautoki dukani. Karoti, pilipili na vitunguu saumu hulowekwa katika maji ya chumvi, kisha bakteria waliokuwa tayari kwenye ngozi za mboga hula sukari iliyomo na kutoa asidi ya laktiki. Ndiyo asidi ileile inayochachua mtindi.

Kazi ya chumvi ni kuchagua nani aishi. Bakteria wengi wanaoozesha chakula hudhoofika chumvi inapoongezeka, ilhali wale wa asidi ya laktiki huistahimili vizuri. Ikiwa kidogo mno, waharibifu hupata nafasi na mboga hulegea. Ikizidi sana, hata wale wanaotakiwa husinzia na achari haichachi. Kwa karoti, kiwango kizuri ni asilimia 2 hadi 3 ya uzito wote, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa ni busara kukaa kwenye 3, kwa sababu joto huharakisha kila kitu, pamoja na kuoza.

Uzito wote maana yake ni mboga pamoja na maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hupima chumvi kwa kutazama maji peke yake, akasahau kwamba karoti nazo ni maji kwa sehemu kubwa na zitaivuta chumvi hadi ilingane ndani na nje. Tuchukue chupa ya kioo ya lita 1 yenye mdomo mpana. Iwekwe juu ya mizani ya jikoni, mizani irudishwe kwenye sifuri, kisha zipangwe gramu 400 za karoti zilizokatwa vijiti, pamoja na pilipili na saumu zake. Yamiminwe maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka yafunike mboga, tuseme gramu 400 nyingine. Jumla ni 800, na asilimia 3 yake ni gramu 24 za chumvi. Maji humwagwa kwenye bakuli, chumvi ikakorogwa humo hadi iyeyuke, yakarudishwa chupani. Siku ya kwanza maji hayo ni makali ulimini, maana ndani yake mna chumvi ya asilimia 6 hivi; baada ya siku chache yatashuka hadi karibu 3. Aliyepima asilimia 3 ya maji tu angetia gramu 12 na kuishia na 1.5, kiwango dhaifu kwa nyumba yenye joto.

Asiye na mizani anaweza kukisia: kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa, kina takriban gramu 6. Chumvi ya mawe haijazi kijiko sawasawa, kwa hiyo hiyo ni lazima ipimwe. Chumvi yenye madini joto haizuii uchachukaji.

Mboga zikae chini ya maji siku zote. Kifuko safi kilichojazwa maji ya chumvi hiyohiyo hutosha kuzigandamiza, na kikipasuka hakiharibu kipimo. Iachwe nafasi ya vidole viwili juu, na kifuniko kilegezwe kidogo kila siku ili gesi itoke. Chupa ikae kivulini, kamwe isiwekwe juani.

Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, vipovu huonekana siku ya pili au ya tatu. Kisha maji huwa na ukungu kama yaliyotiwa tone la maziwa, na unga mweupe hutuama chini. Wengi huitupa chupa hapo kwa hofu, na inasikitisha, kwani unga huo ni bakteria waliomaliza kazi. Harufu hugeuka kuwa ya uchachu safi. Karoti ionjwe kuanzia siku ya nne: ikiwa chachu na bado inakatika kwa mlio, iingie jokofuni, ambako itaendelea kuchacha polepole. Karatasi za kupimia asidi huthibitisha zaidi; pH lazima iwe chini ya 4.6, kikomo ambacho juu yake bakteria wa botulizimu wanaweza kutengeneza sumu, na achari iliyoiva vizuri huwa chini ya 4.

Utando mweupe, mwembamba na usio na manyoya juu ya maji ni hamira za hewani. Unaondolewa kwa kijiko, ingawa ladha inaweza kupungua. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni kuvu, na chupa nzima hutupwa. Vivyo hivyo kwa mboga zenye utelezi mzito au harufu ya uozo, na kwa chupa iliyokaa wiki nzima kwenye joto bila uchachu wowote.