Je, Wajua? Namba Mbili Hutabiri Gari Litadunda Vipi

Gari likipita tuta, namba mbili tu zinatosha kueleza litadunda kwa kasi gani na litatulia lini.

• Wahandisi huandika uhusiano wa msukumo unaoingia na mwendo unaotoka kama sehemu moja ya hesabu. Huitwa kitendakazi hamishi. Kwa bodi iliyokaa juu ya springi na shokapu, inaweza kuwa 40/(s² + 4s + 40).

• Thamani za s zinazofanya upande wa chini uwe sifuri huitwa ncha. Hapa ni −2 ± 6j. Ile 6 ni kasi ya kudunda kwa radiani kwa sekunde, yaani karibu mdundo mmoja kwa sekunde. Ile −2 ni kasi ya kutulia. Baada ya sekunde 2, mtikisiko uliobaki hauzidi asilimia 2.

• Shokapu zikifa kabisa, −2 hugeuka 0. Kwa hesabu, gari halitulii tena. Sehemu hiyo ya ncha ikivuka sifuri na kuwa chanya, mtikisiko hukua wenyewe. Ndicho kinachotokea maikrofoni inaposogezwa karibu na spika: mlio mkali huzuka.

• Thamani za s zinazofanya upande wa juu uwe sifuri huitwa sifuri, nazo hunyamazisha mtikisiko wa kasi hiyo. Mashine nyingi za kupima umeme wa moyo zina kichujio chenye sifuri kwenye takriban ±314j. Hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na umeme wa gridi wa Tanzania na Kenya. Mvumo wa nyaya za ukutani hufutika, na mapigo ya moyo husomeka.