Vizimba 400, Wanaolipa 232: Jinsi Mapato ya Soko Yanavyokisiwa

Miezi kadhaa kabla ya Julai 1, siku mwaka wa fedha unapoanza Tanzania, kila halmashauri hulazimika kusema itakusanya kiasi gani kutoka kila chanzo chake cha mapato. Ikifika zamu ya ushuru wa soko, mara nyingi hesabu huisha haraka. Mtu hufungua makisio ya mwaka uliopita, huongeza asilimia 10, kisha huhamia kwenye chanzo kinachofuata. Makisio hayo hupita kwenye Kamati ya Fedha, hupita kwenye Baraza la Madiwani, na hakuna aliyekwenda sokoni kuhesabu.

Ubaya wa njia hii ni kwamba kinachoongezwa asilimia 10 ni makisio, wala si makusanyo. Kama kosa liliingia miaka mitano iliyopita, kila mwaka linanenepa. Na fedha hizo zisizokuwapo huwa zimeshapangiwa kazi: paa la soko, choo, mshahara wa kibarua wa usafi, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitaka halmashauri iitenge kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka ukifika katikati, paa ndilo la kwanza kuachwa.

Tuchukue mfano wa soko la mji mdogo, lenye tarakimu zilizotungwa kwa ajili ya hesabu lakini zinazofanana na za masoko mengi. Daftari la msimamizi wa soko linaonyesha vizimba 400. Sheria ndogo ya halmashauri inasema kila kizimba kinalipa shilingi 500 kwa siku. Mtu akizidisha 400 kwa 500, kisha kwa siku 365, anapata shilingi 73,000,000. Bajeti ya mwaka unaoisha iliandikwa 65,000,000, kwa hiyo ukiongeza asilimia 10 unafika 71,500,000, na kila mtu anaridhika kwa kuwa kiasi hicho hakizidi kile cha daftari. Lakini makusanyo halisi ya mwaka huo yalikuwa 39,100,000. Pengo hilo la karibu milioni 26 limetoka wapi?

Sehemu ya kwanza ya jibu iko kwenye daftari lenyewe. Daftari la vizimba huandikwa soko linapofunguliwa, na baada ya hapo huguswa kwa nadra. Vizimba viwili vimeunganishwa kuwa kimoja na muuza mchele, vingine vimevunjika, vingine viko nyuma kabisa ambako mteja hafiki, na wenyewe wameshahamia kandokando ya barabara. Siku nazo si 365, kwa kuwa sikukuu kubwa na siku za mvua isiyokatika hupunguza. Katika soko la mfano wetu, siku za kazi zinatoka 350, ambazo ni wiki 50.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu vizimba vyenye mtu na bidhaa. Mhesabu hupita safu kwa safu saa nne asubuhi, wakati wauzaji wameshatandaza na wengine hawajaanza kufunga, akiwa na ramani ya soko badala ya daftari, maana anayehesabu kwa kufuata daftari hukiona tu kile kilichoandikwa. Anarudia zoezi hilo siku tofauti na, ikiwezekana, misimu tofauti. Sokoni kwetu, siku ya kawaida alikuta vizimba 276 vinafanya kazi. Siku ya gulio alikuta 378.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wastani wa 276 na 378 ni 327, na mtu mwenye haraka atauandika huo. Lakini wiki ina gulio moja tu na siku sita za kawaida. Hesabu sahihi ni 276 mara siku 300, kujumlisha 378 mara siku 50, jumla nafasi 101,700 za kulipia kwa mwaka mzima. Zidisha kwa 500, unapata shilingi 50,850,000. Wastani wa kweli kwa siku ni vizimba 290 na kitu, na tofauti ya hizo nafasi 36 hivi, kwa mwaka, ni zaidi ya shilingi milioni sita ambazo hazikuwahi kuwapo.

Milioni 50.8 ndiyo kiasi ambacho soko lingetoa kama kila aliyekuwapo angelipa. Hawalipi wote, na idadi ya wanaolipa hupatikana kwa kipimo. Siku ileile ya kuhesabu, mweka hazina anatoa ripoti ya mashine za kukusanyia mapato, zile ambazo wakusanyaji huziita posi, na kuangalia ni risiti ngapi zilitoka sokoni. Siku ya kawaida zilikuwa 227 kwa vizimba 276, yaani asilimia 82. Siku ya gulio zilikuwa 265 kwa vizimba 378, asilimia 70 tu. Ni muhimu wakusanyaji wasijulishwe mapema, la sivyo siku hiyo watapita kila kizimba na kipimo kitapima woga wao badala ya mazoea yao.

Kwa mwaka, risiti hizo ni 227 mara siku 300 na 265 mara siku 50, jumla 81,350. Kwa shilingi 500, ni shilingi 40,675,000. Tazama jinsi kiasi hiki kilivyo jirani na makusanyo halisi ya 39,100,000. Ukaribu huo ndio unaompa mkadiriaji ujasiri kwamba hesabu yake imeshika. Kama angepata milioni 55 wakati kilichokusanywa ni 39, angejua kuna kitu hakijaeleweka: pengine siku alizochagua zilikuwa nzuri kupita kawaida, pengine risiti zinatoka lakini fedha haifiki benki.

Hilo la mwisho si dhana tu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka baada ya mwaka, zimetaja halmashauri ambazo fedha zilizokusanywa kwa posi hazikupelekwa benki kikamilifu, na mashine zilizokaa muda mrefu bila kuonekana kwenye mtandao. Risiti iliyochapwa ni ushahidi kwamba mfanyabiashara amelipa. Ushahidi kwamba halmashauri imepokea ni malipo yaliyoingia benki kwa namba ya kumbukumbu. Bajeti inapaswa kusimama juu ya huo wa pili, na tofauti kati ya viwili hivyo iandikwe kama deni la mkusanyaji, si kama mapato.

Kuna kosa jingine, la kitaalamu zaidi, ambalo hupunguza badala ya kuongeza. Wastani wa risiti kwa siku ni 232. Ukilinganisha na vizimba 400 vya daftari, kiwango cha ukusanyaji ni asilimia 58. Ukilinganisha na vizimba 290 vyenye watu, ni asilimia 80. Viwango vyote viwili ni sahihi, ilimradi kila kimoja kibaki na idadi yake. Anayechukua asilimia 58 na kuizidisha kwa 290 amewaondoa wasiokuwapo mara mbili, na atapata takribani shilingi milioni 29. Bajeti ya namna hiyo humfurahisha msimamizi, kwa sababu atavuka lengo bila jasho, lakini inawaficha madiwani fedha ambayo ingefanya kazi.

Sasa swali ambalo madiwani huuliza: je, hatuwezi kuongeza? Macho ya wengi hukimbilia gulio, kwa kuwa asilimia 70 inaonekana aibu. Siku hiyo vizimba 113 haviguswi. Lakini gulio ni siku 50 tu, hivyo kinachopotea ni shilingi 2,825,000. Siku za kawaida vizimba visivyolipa ni 49, pungufu ya nusu, ila ni kwa siku 300, na hasara inafika 7,350,000. Fedha nyingi inavuja taratibu katika siku ambazo hakuna anayezitilia shaka: mkusanyaji anayeanza saa tano, safu ya nyuma isiyopitiwa, muuza nyanya anayeambiwa atalipa jioni na jioni hakuna anayerudi.

Ongezeko halali kwenye makisio ni lile ambalo gharama yake nayo imeandikwa. Tuseme halmashauri inaongeza mkusanyaji mmoja siku za gulio kwa posho ya shilingi 15,000, yaani 750,000 kwa mwaka. Akifanikiwa kufikia vizimba 56 kati ya vile 113, ataleta 1,400,000. Makisio yanapanda hadi 42,075,000, na posho yake inakaa upande wa matumizi. Kuandika “kuimarisha ukusanyaji” bila mtu, mashine wala posho hakuongezi hata shilingi.

Kodi ya mwezi ya vibanda vya pembeni ina hila yake. Mpangaji aliyelimbikiza miezi minane akilipa Agosti, sehemu kubwa ya fedha hiyo ni ya mwaka uliopita, na ikichanganywa na kodi ya mwaka huu itaonekana kama vibanda vinalipa vizuri. Malimbikizo yapewe mstari wake. Stendi nayo haihesabiwi kwa nafasi za maegesho bali kwa safari zinazotoka getini. Idadi ya mabasi kwenye ratiba zilizoidhinishwa na LATRA ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha mtu akae getini siku chache ahesabu yanayotoka kweli.

Hata hesabu safi inaweza kuvunjwa na jambo lisilotoka sokoni. Desemba 2018, Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, vikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na wenye vitambulisho hivyo hawakutakiwa kutozwa ushuru wa kila siku. Bajeti za mwaka huo zilikuwa zimeshapitishwa na miezi mitano ilikuwa imepita. Halmashauri iliyojua ni wauzaji wangapi wa chini ilionao, na kila mmoja analipa kiasi gani, iliweza kukokotoa hasara yake mara moja. Iliyokuwa na jumla tupu ilibaki kusubiri. Vivyo hivyo moto uliounguza soko kuu la Kariakoo ulizuka Julai 10, 2021, siku ya 10 tu ya mwaka mpya wa fedha wa Serikali.

Ndiyo maana makisio yanapaswa kuwekwa pamoja na tarakimu zilizoyazaa, na kila mwezi zitazamwe kwa pamoja: vizimba vyenye watu, risiti zilizotoka, fedha iliyoingia benki. Vizimba vikipungua, tatizo liko kwa wafanyabiashara, labda mvua, labda wamehamia barabarani. Vizimba vikibaki palepale na risiti zikashuka, aulizwe mkusanyaji. Risiti zikiwa sawa na benki ikapungua, ni kazi ya mkaguzi wa ndani, na aanze wiki hiyohiyo. Ikifika Desemba, mapitio ya nusu mwaka yatakuwa na sababu iliyopimwa ya kushusha au kupandisha makisio, na anayeyapitia hatahitaji kuzidisha miezi sita kwa mbili katika mji ambao mavuno, na wauzaji wengi pamoja nayo, huja baada ya Mei.