Walikupiga wakati wa kukufunga? Barua inaanza na saa

Tutwae mfano wa kijana mukrezeri mumoja. Mambo yake tumeyatunga sisi wenyewe, lakini wengi mu karyeri watajitambua ndani.

Tarehe 14, kijana anatoka ku pui na mufuko wa madini ku bega. Jipu ya polisi inasimama. Wanamuambia ameiba mu konsesio. Analala chini sawa walivyomuamuru, lakini mumoja wao anamupiga na kitako ya bunduki ku mukono. Anatoka mu kasho tarehe 17, mukono umevimba.

Barua yake ya kwanza ilisema: “Bapolisi beko bezi, balinipiga bure, mutusaidie.” Ni kilio cha kweli, lakini mutu wa anketi hana pa kushika. Siku gani? Wapi? Nani aliona?

Barua ya pili aliandika hivi:

“Tarehe 14, saa kumi ya magaribi, karibu na soko, mapolisi wane walishuka mu jipu. Nilikuwa nimekwisha kulala chini, mikono ku kichwa. Mumoja, murefu, mwenye kovu ku shavu, alinipiga mara mbili ku mukono wa kushoto. Sikusoma matrikuli yake. Nilitoka tarehe 17, saa tatu ya asubui.”

Angalia: hakutukana mutu. Hakubishana tena juu ya ule mufuko wa madini. Kama aliiba ao hakuiba, hiyo ni dosie ingine. Katiba ya 2006, artikle 16, inakataza kumutendea mutu yeyote kwa ukatili, hata yule mwenye kushitakiwa. Na pale asipojua kitu, kama ile matrikuli, alikisema wazi. Kubahatisha namba kunaweza kuangusha barua yote.

Sasa saa. Hapa watu wengi wanapotea. Ofisi inapokea barua ya Kifaransa, na sisi tunahesabu kwa Kiswahili. Saa kumi ya magaribi ni “16 h”. Kama mwandishi anaandika “10 h”, shaidi wako atasema neno ingine, na watasema munadanganya. Basi, mwenye kukuandikia akusomee barua yote kwa Kiswahili mbele ya kutia sinyatiri.

Saa inahesabu pia kifungo. Artikle 18 ya Katiba inasema polisi hawawezi kushika mutu mu gardavi kupita saa 48. Kisha hapo wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Kutoka tarehe 14 saa 16, zile saa 48 zinaisha tarehe 16 saa 16. Kijana alitoka kesho yake saa 9 ya Kifaransa: alizidisha saa 17. Ile artikle inasema tena kwamba mutu aambiwe sababu ya kufungwa mu luga anayosikia, na aruhusiwe mara moja kujulisha jamaa yake. Kama mama yake alikuja na chakula akafukuzwa, aandike siku na saa.

Mashaidi wawili wanatosha, kama waliona. Mama wa kuuzisha mikate alisema: “Mi niliona bunduki inashuka ku mukono ya mutoto.” Rafiki wa pui alisikia habari mangaribi tu, yeye hakuona mapigo, lakini anaweza kushuudia kwamba asubui ule mukono ulikuwa unachimba muzuri. Kila mumoja aseme yake tu. Na mbele ya kuandika jina la mutu, umuombe ruhusa: yeye njo anabaki mu kartie.

Siku ile ya kutoka, kijana aende kwa munganga kabla ya kwenda nyumbani, akaombe sertifika yenye tarehe. Kisha juma mbili, hakuna tena mwenye kujua kama mukono uliumia mu kasho ao mu pui.

Barua inaenda kwa Inspeksio Jenerali ya Polisi, IGPNC. Hiyo inachunguza polisi, lakini haifungi mutu. Kosa la polisi linahukumiwa na tribinali ya askari, kwa hiyo kopi moja inaenda kwa oditora ya askari. Kopi ingine inaweza kwenda kwa CNDH, komisio ya haki za binadamu. Peleka kopi za sertifika. Orijinali ubakie nayo nyumbani. Na kopi yako ya barua itiwe muhuri, tarehe na sinyatiri ya mwenye kupokea. Bila ule muhuri, kisha mwezi watakuambia: “Hatukuona barua.”

Kama mutu anakutisha juu ya barua, andika barua ya pili, tena na siku, saa na mashaidi. Artikle 27 ya Katiba inakataza kumushitaki mutu juu aliandikia wakubwa.